Git inakata katikati na "HTTP/2 stream was not closed cleanly": kurudi HTTP/1.1 ni dawa au ni panadoli tu?

SatoMkavu (#1)
Wakuu habari za jioni. Niko wiki ya pili kazini, ofisi iko Dar mimi niko Mwanza nafanyia nyumbani, na mpaka leo sijafanikiwa kuvuta kodi ya mradi kwenye laptopu yangu. Ripo ina kama giga 1.7 hivi, iko kwenye seva ya ofisi yenyewe, mbele yake kuna nginx. Nikipiga `git clone` inaanza vizuri kabisa, asilimia zinapanda, naenda kuosha vyombo, nikirudi nakuta hii:

```
error: RPC failed; curl 92 HTTP/2 stream 7 was not closed cleanly: INTERNAL_ERROR (err 2)
error: 5214 bytes of body are still expected
fetch-pack: unexpected disconnect while reading sideband packet
fatal: early EOF
fatal: fetch-pack: invalid index-pack output
```

Halafu inafuta folda nzima kama vile hakujatokea kitu. Hii ni mara ya tatu na bando linaisha tu. Nimeona watu wanasema rudi HTTP/1.1 utapona. Naomba kueleweshwa, ni dawa kweli? Na inakuwaje protokoli ya zamani ishinde mpya?

Kamaa_Nai (#2)
Weka hii na urudi hapa kusema asante:

```
git config --global http.version HTTP/1.1
```

Ilinisumbua wiki nzima mwaka 2021, nikaweka hiyo laini moja na sijawahi ona hiyo erori tena. HTTP/2 kwa mafaili makubwa ni bure kabisa. Hakikisha tu git yako si ya kale, hiyo setingi ilikuja na 2.21.

MzeeWaKazi (#3)
Tatizo ni bafa ndogo. Ongeza `http.postBuffer` iwe 524288000, yaani mega 500, mambo yatanyooka. Nimewafanyia vijana wengi hapa ofisini na wanashukuru.

DadaKodi (#4)
Shikamoo mzee wangu, ila hapo kwenye #3 sikubaliani. Hiyo postBuffer ni ya kupeleka juu, yaani ukipiga `git push`. Yeye anavuta kushusha. Kwenye kuvuta git inatuma kamaneno kadogo tu ka "nataka hivi na hivi", bafa ya kawaida ya mega 1 inamtosha na chenji inabaki. Akiweka mega 500 atakachopata ni laptopu kula RAM nyingi bila sababu wakati wa kupush, na hata maelezo ya git yenyewe yanaonya kwamba kwa matatizo mengi ya push haisaidii.

MzeeWaKazi (#5)
Marahaba mwanangu. Lakini kwa vijana wangu ilifanya kazi.

DadaKodi (#6)
Wao walikuwa wanapush au wanavuta?

MzeeWaKazi (#7)
Nitawauliza.

ua_la_mchana (#8)
Jamani hata mimi ninayo hii!! Naandika `fetch('/api/ripoti')` kwenye ukurasa wangu, faili la eksel likiwa dogo linashuka fresh, likiwa kubwa Kromu inaniandikia `net::ERR_HTTP2_PROTOCOL_ERROR` na hapohapo kwenye orodha inaonyesha 200 OK. Nimebadilisha jinsi ya kuandika hiyo fetch mara kumi. Hiyo komandi ya Kamaa naiweka wapi kwenye javaskripti?

Kamaa_Nai (#9)
@ua_la_mchana hiyo ni fetch ingine dada, hapa tunaongelea git 😂 Kwa brauza huwezi iambia itumie HTTP ipi.

FundiSeva (#10)
Msimcheke, huyo dada huenda ana ugonjwa uleule kasoro tu ameuona kupitia dirisha lingine. Nitarudi kwake.

@SatoMkavu kwanza tuisome hiyo erori maana watu wanaikimbilia na dawa kabla ya kuisoma. Kwenye HTTP/2 muunganisho ni mmoja, ndani yake mnapita strimu nyingi, kila ombi na strimu yake, na zinazofunguliwa na upande wako zinapewa namba witiri: 1, 3, 5, 7. Wewe umekatikia 7. Git ya siku hizi inafanya hivi: inagonga mlango, seva inasema hujajitambulisha, hiyo ni 1. Inarudi na nywila, 3. Inaomba orodha ya matawi, 5. Inaomba mzigo wenyewe, 7. Kwa hiyo kuingia umeingia, orodha umepata, kilichokufa ni mzigo wakati unashuka.

Halafu angalia mwisho wa mstari, `INTERNAL_ERROR (err 2)`. Huo ni ujumbe. Kuna mtu upande wa pili alituma barua fupi ya kusema "hii strimu naifunga, kuna kitu kimeharibika kwangu". Intaneti ikikata yenyewe huwa hakuna anayebaki na adabu ya kukuandikia barua, unakaa unangoja mpaka unachoka au muunganisho mzima unakufa. Kwako seva, au chochote kilichokaa kati yako na seva, kiliamua kufunga kikiwa hai.

Nijibu maswali mawili tu. Inakatikia kwenye mega ngapi? Na baada ya dakika ngapi? Usikadirie, angalia ule mstari wa Receiving objects unaobaki.

RautaBoy (#11)
Hiyo ni MTU nakuambia. Watu wa modemu za simu inawapata sana, pakiti kubwa zinakwama njiani. Shusha MTU iwe 1400 uone.

chapati_mbili (#12)
Mimi nilikuwa na kitu kama hiki nikarudisha protokoli nyuma, lakini si kama ya Kamaa, nilitumia hii na ikakubali:

```
git config --global protocol.version 1
```

DadaKodi (#13)
@chapati_mbili hapo umechanganya wali na ugali. Hiyo `protocol.version` ni lugha ya git yenyewe, namna git mbili zinavyoongea juu ya matawi na komiti. HTTP ni basi linalobeba hayo maongezi. Zote zina "2" ndiyo maana watu wanapotea: git ilihamia toleo lake la 2 kama kawaida ya nyumbani mwaka 2020, na hiyo haina uhusiano na HTTP/2 ya 2015. Ukirudisha lugha ya git nyuma bado utapanda basi lilelile.

chapati_mbili (#14)
Mbona ilikubali sasa

DadaKodi (#15)
Labda siku ile intaneti iliamka vizuri. Au ripo ilikuwa ndogo. Ungeirudisha uone kama inaharibika tena ndiyo ungejua, ila ukishaitoa njaa nani anarudi jikoni kupima chumvi.

SatoMkavu (#16)
Nimerudi wakuu. Bando la tatu hilo, mke wangu ameanza kuuliza hii kazi inalipa au tunailipa.

@FundiSeva nimefukua. Jana mchana ilikufa kwenye 1.01 GiB, spidi ilikuwa kama 640 KiB/s, dakika 27. Usiku wa manane nikajaribu tena mtandao ukiwa mwepesi, spidi 1.2 MiB/s hivi, ikafa kwenye 1.01 GiB tena, dakika 14 na kidogo.

@Kamaa_Nai asubuhi nikaweka laini yako. Nilihakikisha imeshika, niliwasha `GIT_CURL_VERBOSE=1` na yale maneno ya HTTP/2 hayakuonekana tena. Matokeo:

```
error: RPC failed; curl 18 transfer closed with outstanding read data remaining
```

Na hapo pia ilikuwa 1.01 GiB. Sasa erori ni nyingine lakini msiba uko palepale.

Kamaa_Nai (#17)
Eh, hiyo sasa ni shida ingine. Ya HTTP/2 imeisha, umebaki na ya 18. Hiyo ni net yako.

FundiSeva (#18)
Hapana Kamaa, tulia kidogo. Ni tatizo moja limebadilisha kanzu. Seva ikishindwa kumalizia mzigo, kwenye HTTP/2 ina njia ya kusema: inafunga strimu na kuandika sababu. Kwenye HTTP/1.1 hiyo njia haipo, mzigo unakuja vipandevipande na kipande cha mwisho ni kitupu cha kuonyesha "nimemaliza". Seva ikishindwa inakata waya tu bila kile kipande cha mwisho, na curl upande wako inasema "bado nilikuwa nangoja", ndiyo hiyo 18. Yaani kwa Sato kurudi nyuma kumempunguzia habari, kwanza alikuwa anaambiwa seva ina shida ya ndani, sasa haambiwi kitu.

Sasa angalieni namba zake maana ni nzuri kupita kiasi. Spidi mbili tofauti, dakika 27 na dakika 14, lakini mega zilezile. Ingekuwa taimauti ya saa fulani, ingekata kwenye dakika zilezile na mega tofauti. Ingekuwa mtandao wa Mwanza, ingekata popote, leo 300 kesho 900. Kinachokata kwenye kiasi kilekile ni kitu kinachohesabu baiti. Na giga 1 na kidogo ni namba ninayoijua, nginx ina setingi inaitwa `proxy_max_temp_file_size` na isipoguswa ni 1024m.

Inavyokwenda ni hivi. Git ya ofisini iko mgongoni mwa nginx, mashine moja au jirani, kwa hiyo inamwaga mzigo kwa nginx kwa kasi kubwa. Wewe unanywa kwa kijiko. nginx ili asimcheleweshe yule wa nyuma anapokea haraka na kumimina kwenye faili la muda kwenye diski, wewe anakupa taratibu kutoka hapo. Faili likifika giga 1 anaacha kupokea mpaka wewe umalize kunywa kilichomo. Kwa 640 KiB kwa sekunde, giga 1 ni dakika 27, piga hesabu mwenyewe. Dakika 27 zote hizo yule wa nyuma ameshika mzigo mkononi hakuna anayeupokea, naye ana uvumilivu wake, mara nyingi ni dakika moja tu, anachoka anafunga. nginx hajui cha kukuambia mapema, anaendelea kukupa kilicho kwenye faili mpaka kinaisha, ndipo anagundua hakuna zaidi, na ndipo wewe unapata erori. Aliyekuua alikuua dakika ya pili, wewe ukaanguka ya 27.

ua_la_mchana (#19)
Hiyo sentensi ya mwisho imenitisha

RautaBoy (#20)
Sawa lakini mbona wenzake wa Dar wanavuta? Si seva ileile, nginx ileile? Ndiyo maana nasema ni upande wake. MTU.

FundiSeva (#21)
Wa Dar wako kwenye fiba ya ofisi, wanakunywa karibu sawa na anavyomimina, faili halijai kufika giga. Mwenye kijiko ndiye anayejaza ndoo. Na MTU ikiwa mbaya, Rauta, huwezi kupata giga 1 nzima ikishuka kwa raha halafu ikagoma. Pakiti kubwa zinagoma tangu mwanzo, mara nyingi unakwama pale kwenye salamu za TLS kabla hata mzigo haujaanza.

RautaBoy (#22)
Nimeona MTU ikifanya mambo ya ajabu kuliko hayo. Siondoi neno langu.

mpemba_wa_linux (#23)
Na miye niongeze yangu maana naona mnamuonea Kamaa. Nilikuwa na laptopu ya kazini, Windozi, kila nikivuta ripo yoyote kutoka popote napata curl 92 lakini mwishoni imeandikwa `PROTOCOL_ERROR (err 1)`, si err 2. Ikikatika haina mpango, mara mega 4, mara mega 90. Nikarudi HTTP/1.1, ikatulia moja kwa moja. Baadaye sana ndo nikajua kuna antivairasi ya ofisi inayofungua TLS katikati, inasoma, inafunga tena kwa cheti chake yenyewe. Nikaizima dakika tano nikarudisha HTTP/2, ikapita. Nikaiwasha, ikakata. Kwa hiyo mahali pengine dawa ya Kamaa ni dawa kweli, yule wa katikati HTTP/1.1 anaijua vizuri na HTTP/2 anaipiga chenga tu.

FundiSeva (#24)
Hiyo naikubali mia kwa mia, na wewe ulifanya kile ambacho chapati_mbili hakufanya, ulizima na kuwasha. Namba ya mwisho ina maana. Err 1 ni mtu anasema "umevunja sheria za mchezo", na mara nyingine anayesema hivyo ni curl yako mwenyewe ikilalamikia kilichoingia, si seva. Err 2 ni "nimeharibikiwa". Err 8, `CANCEL`, ni "nimeghairi". Mtu akibandika erori akakata mstari kabla ya hiyo namba anatunyima nusu ya habari.

Kamaa_Nai (#25)
Asante mpemba, angalau kuna mtu ananitetea hapa. Buda nilisema laini moja na ikafanya kazi.

mpemba_wa_linux (#26)
Nakutetea lakini `--global` sikutetei. Umemwekea HTTP/1.1 kwa dunia nzima. Mtu akitaka aiweke kwa seva moja tu:

```
git config --global http.https://git.ofisi.example/.version HTTP/1.1
```

Au kwa safari moja, `git -c http.version=HTTP/1.1 fetch`, ukimaliza hakuna kilichobaki. Miye nilisahau ile ya global miaka miwili, siku nachunguza jambo lingine nikajiuliza kutwa nzima mbona mashine yangu haiongei HTTP/2 na mtu.

MzeeWaKazi (#27)
Nimewauliza vijana. Walikuwa wanapush.

DadaKodi (#28)
😂😂 Mzee wangu nakuheshimu sana kwa kurudi kusema. Wengi wangepotea.

bodaboda_dev (#29)
Mimi naona mnazunguka. Mtu wa Dar achukue fleshi, afanye hivi:

```
git bundle create mradi.bundle --all
```

Aitie kwenye bahasha, aipe basi la Mwanza la alfajiri, kesho yake asubuhi Sato anaenda stendi anachukua. `git clone mradi.bundle`, halafu `git remote set-url origin` aelekeze kwenye seva ya ofisi, siku nyingine atakuwa anavuta vipya tu ambavyo ni vidogo. Nauli ya bahasha haizidi alichochoma kwenye bando. Giga 1.7 kwa basi hakuna strimu ya kufungwa vibaya labda konda aisahau Shinyanga.

SatoMkavu (#30)
Nimecheka lakini naifikiria kwa dhati.

DadaKodi (#31)
Kabla ya basi jaribu hii. Shida kubwa ya git ni kwamba mzigo ukikatika hauendelei ulipoishia, unaanza sifuri, kwa hiyo kata mzigo mwenyewe vipande ambavyo kila kimoja kiko chini sana ya giga:

```
git clone --depth 1 https://git.ofisi.example/mradi.git
cd mradi
git fetch --deepen=500
```

Ya kwanza inaleta hali ya leo tu bila historia. Ile ya mwisho unairudia, kila mara inashuka komiti 500 zaidi, na kila ikimaliza imehifadhiwa, ikikatika unapoteza kipande hicho tu. Ukifika chini `git fetch --unshallow` inamalizia. Ujue tu ukianza hivi unapata tawi moja peke yake, matawi mengine utaomba baadaye.

FundiSeva (#32)
Hiyo ni nzuri na haihitaji kumsubiri admini. Ila admini naye aambiwe afungue logi ya erori ya nginx aangalie saa ile Sato alipokuwa anavuta. Kama niko sahihi atakuta `upstream prematurely closed connection`. Na @ua_la_mchana, nimekumbuka, wewe mwambie admini wako aangalie logi hiyohiyo lakini atafute `Permission denied` au `No space left` kwenye folda ya faili za muda za nginx. Mzigo mdogo unakaa kwenye RAM na kupita, mkubwa unahitaji diski, diski ikigoma nginx ameshatuma 200 OK hawezi kuirudisha, kilichobaki ni kufunga strimu vibaya. Ndiyo maana unaona 200 na erori pamoja. Javaskripti yako haina kosa.

ua_la_mchana (#33)
Mara kumi nimeiandika upya jamani. MARA KUMI. Asante, namtumia sasa hivi.

admini_mstaafu (#34)
Napita tu. FundiSeva anaongea vizuri lakini asimhakikishie mtu. Nimeona kukata kwenye giga moja kulikosababishwa na proksi nyingine kabisa mbele ya nginx iliyowekewa kikomo cha ukubwa wa jibu. Hapo hata ubadilishe nginx vipi hutapona. Na mtu akifikiria kumpokonya nginx lile faili la muda, ajue kuna gharama yake: ukizima, yule wa nyuma analazimika kumngoja mwenye kijiko muda wote, prosesi ya git inakaa imefunguliwa dakika 45. Wakiwa kumi kama Sato seva inaanza kuhema. Na kama huyo wa nyuma ana taimauti ya kuhesabu muda wote wa jibu, si muda wa kukaa kimya, bado atakata, safari hii kwa dakika.

FundiSeva (#35)
Mkuu hapo sibishi. Ndiyo maana nimesema logi kwanza.

SatoMkavu (#36)
Mrejesho. Ile ya `--depth 1` imepita mara ya kwanza, ilikuwa mega 210 tu! Nimerudia deepen mara nne hivi, moja ilikatika kwa kuwa umeme ulikatika lakini nyingine zote salama. Leo nimekomiti kwa mara ya kwanza, wiki ya pili hii, bosi alishaanza kuniita mtalii.

Admini wa ofisi nimemtumia uzi. Logi hakuwa nayo, inafutwa kila siku. Ila alifanya mabadiliko, alizima HTTP/2 kwenye nginx, na akaweka `proxy_buffering off;` kwenye ile sehemu ya git, yaani nginx asirundike mzigo njiani, vyote kwa pamoja, akasema jaribu. Nimejaribu kloni nzima usiku kwenye laptopu nyingine, giga 1.7 yote, imepita.

Kamaa_Nai (#37)
Alizima HTTP/2. Nimesema tangu #2. Kesi imefungwa.

DadaKodi (#38)
Kamaa wewe! Sato alishajaribu bila HTTP/2 kwenye #16 na ikakufa palepale!

Kamaa_Nai (#39)
Alizima upande wake. Hapa imezimwa kwa seva. Si kitu kimoja.

FundiSeva (#40)
Kwa huo muunganisho wake ni kitu kimoja Kamaa, wakati wa salamu za TLS wanakubaliana kimoja, upande mmoja ukikataa h2 hakuna h2. Ila admini kutugeuzia vitu viwili kwa mpigo ametuharibia ushahidi. @SatoMkavu mwombe awashe HTTP/2 peke yake, hiyo bafa aiache imezimwa, halafu uvute tena.

SatoMkavu (#41)
Nimemwomba. Amesema "imepona usiiguse".

RautaBoy (#42)
Usiku MTU inakuwaga nzuri.

bodaboda_dev (#43)
Kwa hiyo ile bahasha nisimwambie tena jamaa wa stendi?